Somo: Kusadikika, uhamishikaji na uandishi wa ukomo katika utafiti wa kimaelezo wa vyombo vya habari

Tasnifu nyingi za habari na mawasiliano ninazozipitia zina aya moja inayofanana kama pacha. Inasema kwamba mtafiti alikabiliwa na uhaba wa muda na fedha, kwamba baadhi ya watafitiwa hawakutoa ushirikiano, kwamba sampuli ilikuwa ndogo na hivyo matokeo hayawezi kuwakilisha nchi nzima, na kwamba hata hivyo mtafiti alijitahidi. Aya hiyo unaweza kuihamisha kutoka tasnifu ya redio kwenda tasnifu ya magazeti bila kugusa neno, nayo haimwambii msomaji lolote kuhusu utafiti alioushika mkononi. Ukomo wa kweli hukusanywa uwandani, siku kwa siku, wakati mtafiti anapojaribu kuyafanya matokeo yake yasadikike. Ndiyo maana nafundisha mambo haya kwa pamoja.

Msamiati kwanza. Guba mwaka 1981, kisha Lincoln na Guba mwaka 1985, walipendekeza vigezo vinne vya kuaminika kwa utafiti wa kimaelezo, ambao wengine huuita wa kitaamuli: kusadikika, uhamishikaji, kutegemeka na kuthibitika. Kusadikika ni swali la kama ufafanuzi wako unalingana na maisha ya wale uliowatafiti. Uhamishikaji ni swali la kama mtu wa mahali pengine anaweza kuutumia. Hivi viwili ndivyo vinavyowasumbua watu zaidi, nami nitabaki navyo.

Mfano nitakaoutumia nimeutunga kwa kuunganisha makosa ninayokutana nayo mara kwa mara. Mwanafunzi anachunguza kipindi cha jioni cha redio ya jamii katika pwani ya Tanga, ambamo wasikilizaji hupiga simu na kutuma ujumbe kuhusu kero za vijiji vyao. Amewasaili wasikilizaji 16 na watumishi 4 wa kituo, na ana rekodi za vipindi 12. Hitimisho lake la awali ni kwamba kipindi kimewapa wananchi sauti.

Hatua ya kwanza: rudi kwenye maneno yenyewe

Mwanafunzi huyu alisaili kwa Kiswahili, akatafsiri kwa Kiingereza kwa sababu tasnifu inaandikwa kwa lugha hiyo, kisha akaweka misimbo, yaani lebo fupi za mawazo yaliyomo, kwenye tafsiri. Tulipofungua rekodi tulikuta baadhi ya wasikilizaji walisema "siku hizi tunasikika" na wengine "siku hizi tunasikilizwa". Katika tafsiri kauli zote mbili zimekuwa moja. Msemaji wa Kiswahili anajua kuwa anayesikika sauti yake imefika hewani, na anayesikilizwa kuna mtu aliyemzingatia. Alipoyapanga upya, mwanafunzi aliona kwamba waliosema "tunasikilizwa" walikuwa karibu wote watu ambao kero yao iliwahi kujibiwa na ofisa wa halmashauri ndani ya kipindi. Waliobaki walikuwa wanasikika tu. Hitimisho la awali likagawanyika mara mbili, na likawa bora zaidi.

Kwa hiyo weka misimbo kwenye lugha ya usaili, na utafsiri mwishoni zile nukuu utakazozitumia. Endapo umekwisha kutafsiri, chagua maneno matatu au manne yanayobeba hoja yako na uyafuatilie hadi kwenye sauti.

Hatua ya pili: linganisha vyanzo ukitafuta mahali visipokubaliana

Wanafunzi huandika kwamba walitumia mbinu tatu na zote zikathibitisha jambo moja. Nikisoma hivyo huwa natia shaka, kwa kuwa mbinu tofauti huona vitu tofauti. Katika mfano wetu mtangazaji anaeleza kwa dhati kwamba husoma ujumbe wote unaoingia. Mtafiti aliyekaa studioni jioni kadhaa anamwona akiweka kando ujumbe unaomtaja kiongozi kwa jina, hadi atakapompata mhusika ajibu. Mtangazaji hadanganyi: kwake "wote" ni ujumbe wote uliokwisha kufanyiwa uhakiki. Tofauti hiyo kati ya usaili na ushuhudiaji ni matokeo, na inastahili aya yake katika sura ya uchambuzi.

Hatua ya tatu: mtafute asiyeingia kwenye hoja yako

Wasikilizaji 16 walipatikana kupitia orodha ya namba za simu aliyokuwa nayo mtangazaji. Maana yake ni kwamba wote ni watu waliokwisha kupiga au kuandika, na mtu wa namna hiyo hawezi kukuambia kwa nini wengine hunyamaza. Mwanafunzi alirudi kijijini akampata mkulima wa mwani anayesikiliza kila jioni lakini hajawahi kupiga, kwa sababu simu ya nyumbani ni ya mumewe na huondoka nayo baharini. Mtu mmoja wa aina hii hakubomolei hoja. Anakulazimisha uiandike upya ili naye awe na nafasi: kipindi kimewafungulia njia wenye simu mkononi saa ile ya jioni. Siku ulipompata, andika katika shajara ya utafiti ulimpataje na ulibadilisha nini, maana utaihitaji shajara hiyo baadaye.

Hatua ya nne: warudishie watafitiwa ufafanuzi, kwa tahadhari

Kuwarudishia nakala ya maneno yao ili wakague tahajia hakuongezi sana kusadikika. Wapelekee ulivyowaelewa. Tatizo la kwetu ni heshima: mzee aliyekukaribisha chai hatakuambia kwamba umekosea, atasema "sawa kabisa, mwalimu". Njia ninayoipendelea ni kumpa mtu fafanuzi mbili zinazopingana, bila kumwambia ipi ni yako, kisha kumwuliza ipi inafanana na hali ya hapa na inashindwa wapi. Endapo watumishi wa kituo watapinga tokeo lisilowapendeza, huna wajibu wa kulifuta. Una wajibu wa kuandika pingamizi lao na kueleza kwa nini umebaki na ufafanuzi wako.

Hatua ya tano: mpe msomaji vifaa vya kuhamisha

Anayeamua kama matokeo yanahamishika ni msomaji anayejua mazingira yake. Kazi yako ni kumpa maelezo ya kina yanayomwezesha kulinganisha. Kurasa mbili za historia ya mkoa tangu ukoloni hazimsaidii. Anahitaji kujua kipindi kinarushwa saa ngapi na kinakutana na swala au chakula cha jioni, nani analipia gharama za kituo, mtangazaji ni mwenyeji au mgeni, simu inapigwa kwa gharama ya nani, na utafiti ulifanyika miezi gani. Kama ulikuwa uwandani karibu na uchaguzi, sema, kwa kuwa watu huchagua maneno tofauti nyakati hizo. Mtafiti wa redio ya wafugaji Simanjiro akisoma maelezo hayo ataona mwenyewe kwamba suala la simu linamhusu, na suala la kwenda baharini halimhusu ila kwa kulifananisha na kwenda malishoni.

Hatua ya sita: andika ukomo

Sasa fungua shajara. Kila ukomo uuandike kwa kujibu maswali manne: nini kilitokea, kinagusa hitimisho lipi, kinalivuta upande gani, na ulifanya nini hadi kikabaki kiasi gani. Mambo mawili au matatu yanatosha. Mfano:

"Wasikilizaji 16 walipatikana kupitia orodha ya namba za simu ya mtangazaji. Njia hii inagusa hitimisho kuhusu ushiriki, kwa kuwa iliwaleta watu waliokwisha kuingia hewani na huenda imeufanya ushiriki uonekane mwepesi kuliko ulivyo. Ili kupunguza athari hiyo, msikilizaji mmoja asiyewahi kupiga simu alitafutwa nje ya orodha na maelezo yake yakabadilisha hoja ya sura ya nne. Hata hivyo, utafiti huu hauwezi kueleza sababu mbalimbali za ukimya wa wasikilizaji, na neno 'ushiriki' lisomwe kama ushiriki wa wenye simu."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani, kwa sababu inapunguza dai lililotolewa kwingine katika tasnifu. Baada ya kuiandika, rudi kwenye ikisiri na hitimisho uhakikishe kwamba dai limepunguzwa huko pia. Mara nyingi mtahini hukuta ukomo unasema jambo moja na ikisiri bado inapiga tarumbeta. Sentensi ya sampuli ndogo isiyowakilisha nchi nzima iondoe, kwani hukuahidi uwakilishi wa kitakwimu tangu mwanzo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Dodoma:* Shikamoo mwalimu. Msimamizi wangu anataka nitaje idadi ya usaili inayotosha. Nimeambiwa 12. Je, ni kanuni?

*Jibu:* Marahaba. Namba hiyo inatokana na kazi ya Guest na wenzake ya mwaka 2006, waliochambua usaili 60 wa wanawake wa Ghana na Nijeria na kuona kwamba mawazo mapya yalikuwa karibu yamekwisha baada ya usaili 12. Watafitiwa wao walifanana kwa kiasi kikubwa na waliulizwa maswali yanayofanana. Ukichanganya watangazaji, wahariri na wasikilizaji, 12 ya jumla haitatosha kwa kila kundi. Onesha katika shajara ni usaili wa ngapi uliokuletea msimbo mpya wa mwisho.

*Mwanachama, Mombasa:* Mtahini ameniandikia nitoe alfa ya Cronbach kwa mwongozo wangu wa usaili. Nimjibuje bila kumkosea adabu?

*Jibu:* Mweleze kwamba alfa hupima kama vipengele vya kipimo chenye alama vinakwenda pamoja, na maswali yako ya wazi hayana alama. Kisha mpe kitu cha kukagua: jedwali la misimbo, tarehe ilipobadilishwa na sababu. Kama watu wawili waliweka misimbo kwenye habari zilezile kwa kutumia jedwali moja, unaweza kuripoti kapa ya Cohen, yaani kipimo cha kiasi walichokubaliana, kwa sehemu hiyo peke yake.

*Mwanachama, Zanzibar:* Chuo chetu kinataka ukomo uwe sura ya kwanza. Nawezaje kuuandika kabla ya kwenda uwandani?

*Jibu:* Katika pendekezo unaandika unaoutarajia. Ukirudi, futa yote na uandike yaliyotokea, kwa wakati uliopita, hata kama mahali pake panabaki sura ya kwanza. Vitenzi vya wakati ujao katika tasnifu iliyokamilika humwonesha mtahini kwamba hukurudi kuisoma.

*Mwanachama, Morogoro:* Mwalimu, unasema tueleze kituo kwa kina, na kamati ya maadili inasema tufiche utambulisho. Kituo changu kina mtangazaji mmoja tu wa kike.

*Jibu:* Hapo kuficha jina la kituo hakumfichi yeye, kwa kuwa mji mzima unamjua. Eleza mazingira kwa kina na uwafiche watu: mwite "mtumishi wa kituo", ondoa jinsia na jina la kipindi kwenye nukuu zake, na umsomee nukuu hizo kabla hujawasilisha. Kama kuondoa jinsia kunaua hoja yako, omba ridhaa yake upya kwa nukuu hiyo mahususi. Akikataa, iache, kisha uandike katika ukomo kwamba sehemu ya data kuhusu jinsia haikuweza kuchapishwa.