Ovataimu ya vibarua

Kontena likichelewa kutoka bandarini, ghala lako la Barabara ya Nyerere lina watu wa aina mbili wanaopakua usiku. Mwenye ajira ya kudumu anaandikiwa ovataimu. Kibarua amepatana nawe "kwa siku", kwa hiyo kwako siku inaisha kontena likiisha. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanza.

Dawa yake ni kuigeuza posho ya siku kuwa ya saa, na kuwaambia asubuhi kabla hawajaingia. Tuseme kibarua analipwa 18,000 kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, ukitoa saa moja ya chakula. Hizo ni saa 9, yaani 2,000 kwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka ovataimu ilipwe angalau mara moja na nusu, kwa hiyo kila saa ya ziada ni 3,000. Akifika saa 2 usiku ana 9,000 juu ya posho yake. Usimvushe hapo, maana saa 12 za kazi kwa siku ndiyo mwisho.

Upande wa pili nao una kinyongo. Kibarua anaondoka na pesa mkononi, wa kudumu anasubiri mwisho wa mwezi huku hajui ameandikiwa saa ngapi. Tumia daftari moja kwa wote, kila mtu asaini saa zake usiku uleule. Msimamizi asiwasainie, hata wakiwa wanakimbilia daladala.