SOMO: Kupanga upya matukio ya riwaya iliyosimuliwa kwa kurukaruka (mfano: Wuthering Heights)

Swali la "Catherine alikuwa amekufa miaka mingapi Lockwood alipofika?" limeulizwa humu mpaka limechosha, na kila mara watu wanatupa namba bila kuonyesha walivyoipata. Naweka njia nzima hapa. Ukifuata hatua utapata jibu mwenyewe, na njia hiyohiyo utaitumia kwa riwaya yoyote yenye kisengerenyuma (wenzetu wa Kenya wanaita mbinu rejeshi).

Kwa ambaye hajaisoma: riwaya ni ya Emily Brontë, ilitoka 1847. Lockwood, mpangaji mgeni, anaandika shajara. Ndani ya shajara hiyo Nelly Dean, mtumishi wa siku nyingi, anamsimulia habari za miaka thelathini nyuma, za Catherine Earnshaw na Heathcliff, mtoto wa kuokotwa aliyelelewa naye. Ndani ya masimulizi ya Nelly kuna barua ya Isabella, dada wa mume wa Catherine, na baadaye maneno ya Zillah, mtumishi mwingine. Kwa hiyo kuna mdomo ndani ya mdomo.

1. Soma kitabu chote mara moja bila kuandika kitu.

2. Soma tena ukikata matukio. Kata pale wakati unaporuka, si pale sura inapoisha. Sura ya 3 peke yake ina nyakati mbili: usiku wa Lockwood, na maandishi ya Catherine akiwa mtoto.

3. Chora jedwali la safu tano: namba ya usimulizi, sura, nani anamwambia nani, maneno ya kitabu yenyewe, na tarehe uliyokokotoa. Safu ya nne nakili neno kwa neno. "Miaka mitano" na "karibu miaka mitano" ni vitu viwili tofauti.

4. Tafuta nanga, yaani miaka iliyoandikwa waziwazi. Humu ziko tatu tu za kutumia: 1801 inafungua kitabu, 1778 iko mwisho wa sura ya 7, na 1802 inafungua sura ya 32. Ile 1500 iliyochongwa juu ya mlango pamoja na jina la Hareton Earnshaw ni ya babu wa babu. Hareton unayemwona ndani ya hadithi, mtoto wa kaka yake Catherine, amerithi jina tu.

5. Kila "miaka kadhaa iliyopita" iulize: iliyopita tangu lini? Hapa ndipo jedwali langu la kwanza liliharibika, likanilazimu kulifuta nusu.

Kuna "sasa" tatu ndani ya kitabu hiki: siku tukio lilipotokea, siku Nelly alipolisimulia, na siku Lockwood alipoandika. Ukihesabu kutoka "sasa" isiyo yake, kosa halionekani papo hapo. Linahama na kila tukio linalofuata, halafu sura ishirini mbele unakuta mtu ana umri usiowezekana. Mfano: mwanzo wa sura ya 25 Nelly anasema mambo hayo yalitokea majira ya baridi yaliyopita, mwaka mmoja na kidogo tu. Anayesema ni Nelly, mwanzoni mwa 1802. Kwa hiyo ni baridi ya 1800 kuingia 1801. Ukiichukulia kuwa inahesabiwa kutoka ile 1801 ya ukurasa wa kwanza, umeshapotea mwaka mzima.

Onyo la pili ni namba za mviringo kwenye vinywa vya watu. Mzuka wa Catherine dirishani (sura ya 3) unalia kwamba umetangatanga miaka ishirini. Wengi wanatoa 20 kwenye 1801, wanapata Catherine alikufa 1781, wanajenga jedwali zima juu yake. Kilio si hesabu. Hata Nelly, baada ya kutaja kiangazi cha 1778, anasema ni "karibu" miaka 23 iliyopita, ilhali anapozungumza imeshapita 23 na miezi. Mwaka ulioandikwa na namba ya mdomoni vikigongana, mwaka ndio unabaki.

6. Kati ya nanga na nanga, jaza kwa miili ya watu: kuzaliwa, umri, mimba, msimu. Mtoto hawezi kuzaliwa kabla wazazi hawajakutana, na hilo ni ushahidi kuliko kumbukumbu ya msimulizi.

7. Tarehe kubwa zifikie kwa njia mbili zisizotegemeana. Zikikutana, andika kwa wino. Zisipokutana, andika masafa ("kati ya 1782 na 1783") na uendelee.

Sasa tulimalize lile swali.

Njia ya kwanza, kwenda mbele. Hareton alizaliwa Juni 1778, mara tu baada ya nanga ya sura ya 7. Catherine anapoolewa na Nelly kuhamia naye nyumbani kwa mumewe, Hareton "ana karibu miaka mitano". Ndoa basi ni masika ya kwao, 1783. Heathcliff anarudi jioni ya Septemba, mwaka huohuo. Baridi inayofuata anatoroka na Isabella, Catherine anaugua, anatoka chumbani kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Machi. Mwezi huohuo anajifungua Cathy saa sita usiku hivi, na saa mbili baadaye anakata roho. Machi 1784.

Njia ya pili, kurudi nyuma. Sura ya 21 inasema siku ya kuzaliwa Cathy ni 20 Machi, ndiyo hiyohiyo ya kifo cha mama yake, na hapo Cathy anatimiza miaka 16. Majira ya baridi yanayofuata ndiyo yale ya hatua ya 5, 1800 kuingia 1801. Basi 20 Machi ile ni ya 1800. Toa 16: 1784.

Zimekutana. Lockwood alifika mwishoni mwa 1801, Catherine akiwa kaburini miaka 17 na miezi. Kipimo cha ziada: Lockwood anapomwona Cathy mara ya kwanza anaona kama hajafika 17. Kweli ana 17 na nusu. Kwa hesabu ya mzuka angekuwa na 20.

---

MASWALI

kijana_wa_nanenane: Mkuu naomba tu mwaka wa kuzaliwa Heathcliff, nina mtihani Jumatatu sijamaliza kusoma.

Mwandishi: Haupo kitabuni. Hatua ya 6.

Bi Shajara: Ahsante sana kwa somo. Swali langu: Nelly mwenyewe si wa kuaminika, ana upande wake. Kwa nini tuamini umri anaoutaja?

Mwandishi: Swali zuri, Bi. Tofautisha anachokipima na anachokihukumu. Nelly akisema fulani alikuwa mbaya, hiyo ni hukumu. Hareton ni mtoto aliyemlea kwa mikono yake tangu siku ya kwanza, na alikuwa ameanza kumfundisha herufi, kwa hiyo umri wake anaujua. Heathcliff aliokotwa mtaani Liverpool, hakuna anayejua alizaliwa lini, na Nelly anapomtaja kuwa na 16 anaongeza "nadhani". Mimi kwenye safu ya tano naweka alama tatu: mstari mzito kwa kilichoandikwa, mstari mwembamba kwa kilichokokotolewa, nukta kwa "nadhani". Heathcliff anapata nukta: 1764 hivi.

Mzee wa Kilingeni: Hareton wa mwaka 1500 bado anaishi 1801? Mwandishi kachanganyikiwa huyu.

Mwandishi: Hatua ya 4, sentensi mbili za mwisho. Nimeandika, soma.

Mzee wa Kilingeni: Nilikuwa nauliza tu.

Mwandishi: Na mimi nimejibu tu. Lakini kwa wengine: majina humu ni mtego wa kweli. Kuna Catherine wawili, mama na binti, na Linton ni ukoo na pia ni jina la mtoto wa Heathcliff. Kwenye jedwali mpe kila mtu namba yake (C1, C2), usiandike jina peke yake.

Kalamu Kavu: Naweka kwenye Excel, lakini tarehe hazijipangi. 20/3/1784 inakaa kama maneno.

Mwandishi: Excel haitambui tarehe za kabla ya 1900. Mbaya zaidi, ukijaribu fomula hii

```
=DATE(1784,3,20)
```

inajumlisha 1900 kimyakimya na kukupa mwaka 3684. Andika namba ya kawaida, mwaka-mwezi-siku bila nafasi: `17840320`. Mwezi usiojulikana weka 00, utajipanga mwanzoni mwa mwaka wake. Na usiifute safu ya namba ya usimulizi, la sivyo hutaweza kurudisha mpangilio wa kitabu.

Bi Shajara: Nimeangalia kalenda ya kweli. Nelly anasema ile siku ya mwisho ilikuwa Jumapili, watu wako kanisani. Lakini 20 Machi 1784 ni Jumamosi!

Mwandishi: Umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Ndiyo, hailingani. Alijifungua usiku wa Jumapili, kwa hiyo tarehe 20 ingepaswa kuwa Jumapili au, ukihesabu baada ya saa sita, Jumatatu. Kalenda haikubali hata moja. Hapo ndipo mwisho wa njia hii: mwandishi alishika miaka, misimu na umri kwa uangalifu mkubwa, lakini siku za juma hazifuati kalenda ya mwaka ule. Ukizilazimisha utavunja miaka iliyokwisha kuthibitika kwa njia mbili. Charles Percy Sanger alichapisha mpangilio wake wa riwaya hii mwaka 1926, na yeye pia aliujenga juu ya hizo nanga tatu.

Pwani Kusi: Riwaya zetu nyingi hazina mwaka kabisa. Utakuta "ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mvua za masika zinapiga". Nanga iko wapi?

Mwandishi: Umeshaitaja. Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, masika haihami. Zikikutana una miaka michache tu ya kuchagua ndani ya kila mzunguko wa miaka 33 hivi.

Pwani Kusi: Nipe mfano.

Mwandishi: Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, yalitokea siku chache kabla ya Ramadhani. Tuseme mhusika anakumbuka mfungo wa masika akiwa mtoto, na Mapinduzi akiwa kijana. Kila mwaka unaorudi nyuma, Ramadhani inasogea mbele siku 11: miaka saba nyuma, 1957, imefika Aprili. Basi mfungo wake uko 1957 au mwaka mmoja miwili kabla, 1955 na 1956. Mwaka 1958 ilianza mwishoni mwa Machi, masika ikiwa bado changa, uweke kwa nukta.

Kalamu Kavu: Na kaskazi na kusi je?

Mwandishi: Zinakupa msimu, hazikupi mwaka. Jahazi likiingia toka Arabuni kwa kaskazi, andika Desemba hadi Machi na uendelee na safu inayofuata.