Upeo wa macho uko umbali gani? Hesabu ya ufukweni na kilimani

Ukisimama ufukweni Bagamoyo maji yakikugusa miguu, ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu hauko mbali kama unavyoonekana. Ni kama kilomita 5 tu. Twende hatua kwa hatua, kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya 1: Pata kimo cha jicho. Si kimo chako, bali urefu kutoka usawa wa maji hadi kwenye jicho. Mtu wa mita 1.7 aliyesimama ukingoni mwa maji ana jicho kwenye mita 1.6 hivi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanasahau kwamba bahari yenyewe hupanda na kushuka. Wakati wa bamvua, kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Tuseme umekaa barazani, na jicho liko mita 6 juu ya maji yaliyokupwa. Saa sita baadaye maji yamejaa, nawe hujatikisika, lakini kimo kimebaki mita 2.

Hatua ya 2: Zidisha kimo kwa 13, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni kilomita. Hiyo 13 inatoka kwenye umbo la dunia. Mstari kutoka jichoni unaugusa uso wa bahari mahali pamoja tu, na hapo unafanya pembe mraba na mstari unaotoka katikati ya dunia. Ukitumia kanuni ya Pithagorasi, umbali ukizidishwa kwa wenyewe ni sawa na kipenyo cha dunia mara kimo. Kipenyo ni kilomita 12,742, na kwa kuwa kimo tunakipima kwa mita, tunagawa kwa 1,000: inabaki 12.7, tunaikaribisha kuwa 13.

Hatua ya 3: Tumia 15 badala ya 13 kwa kile jicho linachokiona kweli. Hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, hivyo mwanga hupinda kidogo kuifuata dunia, na upeo unasogea mbele.

```
umbali (km) = √(15 × kimo (m))
```

Ufukweni: 15 × 1.6 = 24, kipeuo chake ni 4.9. Kule barazani: kilomita 9.5 maji yakiwa yamekupwa, 5.5 yakijaa.

Hatua ya 4: Kama unatazama kitu chenye urefu, jumlisha umbali mbili. Chukua jahazi ambalo ncha ya tanga iko mita 12 juu ya maji. Upeo wa ncha hiyo ni kilomita 13.4. Ongeza 4.9 yako, unapata 18.3, ndipo tanga linapotoweka. Ubavu wa jahazi wenye mita 1.5 unazama mapema zaidi, kwenye kilomita 9.6. Katikati ya umbali huo unaona tanga linatembea bila chombo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nipo Bagamoyo. Mbona mchana siioni Unguja, lakini usiku naona mwanga upande wa Mji Mkongwe?*

Kutoka hapo hadi Mji Mkongwe ni kama kilomita 45. Toa 4.9 zako, inabaki 40. Zidisha 40 kwa 40, gawa kwa 15: unapata mita 107. Kitu chochote kifupi kuliko hapo kimefichwa na mgongo wa bahari, na hakuna jengo la mjini lenye urefu huo. Usiku unachokiona si taa zenyewe, ni mwanga wake uliotawanyika kwenye vumbi na mvuke angani, juu ya upeo wako.

*Kilimani nitajuaje kimo? Simu yangu ikiwa ufukweni inaonyesha hasi 27!*

Simu haijaharibika. Baadhi ya programu hupima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, ambalo kwa pwani yetu liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 25 hadi 30. Andika namba ya ufukweni, panda, kisha toa namba hiyo kutoka ile ya kileleni. Kimo kinachotakiwa ni cha juu ya bahari, si cha juu ya bonde lililo mbele yako.

*Nikiwa Shimba kwenye mita 400 naona mpaka wapi?*

15 × 400 ni 6,000, kipeuo ni kilomita 77. Lakini kimo hicho ni mara 250 ya kile cha ufukweni, na umbali umeongezeka mara 16 tu. Halafu ukungu wa joto mara nyingi huufuta mstari kabla jicho halijaufikia, kwa hiyo nenda asubuhi baada ya mvua kusafisha hewa.