Uwezekano wa kupata angalau sita moja katika mirusho minne ya dadu

Tuchukue dadu moja ya kawaida yenye nyuso sita zilizo sawa, tuirushe mara nne, kisha tuulize: kuna uwezekano gani wa kuiona sita angalau mara moja? Wengi wanaoanza hujibu haraka kwamba kila mrusho una uwezekano wa 1/6, basi mirusho minne ina 4/6. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake huonekana wazi tukiongeza mirusho: mirusho sita ingetupa 6/6, yaani uhakika kamili, ilhali kila aliyewahi kucheza dadu anajua kwamba mtu anaweza kurusha mara sita bila kuiona sita hata moja.

Ili tuone kosa linapoingilia, tutazame mirusho miwili tu. Matokeo yote ni 36, kwa kuwa kila uso wa mrusho wa kwanza unaweza kufuatwa na uso wowote wa mrusho wa pili. Matokeo yanayoanza na sita ni 6, na yanayoishia na sita ni 6 pia, lakini tukiyajumlisha tukapata 12 tutakuwa tumeihesabu mara mbili jozi ya (6, 6), ambayo imo katika makundi yote mawili. Matokeo halisi yenye angalau sita moja ni 11. Kwa mirusho minne marudio ya namna hiyo huwa mengi zaidi, na kuyaondoa moja baada ya jingine ni kazi inayochosha na kukaribisha makosa. Ndiyo maana tunapita njia ya upande wa pili.

Hatua ya kwanza: tamka tukio kinyume. Kinyume cha “angalau sita moja” ni “hakuna sita hata moja”. Hapa pana haja ya kutulia, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: kinyume chake si “sita zote nne”, wala si “sita moja tu”. Jipime kwa kujiuliza kama matukio hayo mawili yanagawana matokeo yote bila kubakiza tokeo lolote na bila kuingiliana.

Hatua ya pili: tafuta uwezekano wa kinyume hicho. Katika mrusho mmoja, uwezekano wa kutopata sita ni 5/6. Kwa kuwa mrusho mmoja hauathiri mwingine, tunazidisha:

5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6 = 625/1296

Hatua ya tatu: toa katika 1.

1 − 625/1296 = 671/1296, takribani 0.518

Kwa hiyo uwezekano umezidi nusu kidogo tu, na uko mbali na ile 4/6, ambayo ni takribani 0.667. Ukitaka kuhakiki njia yenyewe, ijaribu kwa mirusho miwili: 1 − 25/36 ni 11/36, sawasawa na hesabu tuliyoifanya kwa mkono.

Maswali ya wanachama

*Nimesharusha mara tatu bila kupata sita. Je, mrusho wa nne una uwezekano wa 0.518?*

Hapana, una 1/6. Ile 0.518 ilihusu mirusho yote minne kabla haijaanza. Mirusho mitatu iliyopita imekwisha kujulikana, na dadu haina kumbukumbu ya kuifanya ifidie sita zilizokosekana.

*Nikirusha dadu nne kwa pamoja badala ya moja mara nne, jibu linabadilika?*

Halibadiliki, mradi kila dadu ianguke bila kutegemea nyingine na zote ziwe za haki. Dadu iliyopinda au yenye uzito upande mmoja huharibu ile 5/6, na hapo hesabu yote huanguka nayo.

*Je, ninaweza kutumia njia hii kwa sita mbili kwa pamoja, nikirusha dadu mbili mara 24?*

Unaweza, na swali lako ni la zamani: limo katika barua ambazo wanahisabati wa Ufaransa Pascal na Fermat waliandikiana mwaka 1654, likihusishwa na Chevalier de Méré, Mfaransa aliyependa michezo ya kubahatisha. Kwa kuwa 4/6 ni sawa na 24/36, ilionekana kana kwamba mirusho 24 ya dadu mbili ingetoa nafasi ileile ya mirusho minne ya dadu moja. Fuata hatua zilezile: uwezekano wa kukosa jozi hiyo katika mrusho mmoja ni 35/36, hivyo jibu ni 1 − (35/36)²⁴, takribani 0.491, ambayo iko chini ya nusu. Ukiongeza mrusho mmoja, ikawa 25, utapata takribani 0.506.