SOMO: Kufupisha tangazo la bahari lenye vifupisho bila kutia neno lisilokuwemo

Assalaam aleikum wanajamvi. Kila kusi likikaza naulizwa lile lile: "Maalim, tangazo la bahari limejaa vifupisho, tuwekee kwa maneno ya watu." Nikiweka, wiki ijayo anakuja mwingine na swali hilo hilo. Leo naandika njia nzima, ili kila mwenye kundi la wavuvi aifanye kazi hii mwenyewe. Mfano huu nimeutunga kwa ajili ya somo, si tangazo la kweli. Msiusambaze. Tuseme tarehe 14 ni Jumatatu.

```
ENEO: BAHARI WAZI, LAMU-KIUNGA
MUDA: 1500 UTC 14/07 - 1500 UTC 15/07
UPEPO: SE 20-25 KT, MPIGO 32 KT
MAWIMBI: Hs 2.0-2.5 M
UWEZEKANO: 33-66%
```

1. Soma lote kabla hujaandika chochote.

2. Tia alama kwenye kila neno ambalo mvuvi wa Faza angeuliza "ndiyo nini?" Hapa ni UTC, SE, KT, mpigo na Hs. Mengine yaache yalivyo.

3. Maana itafute kwanza kwa waliotoa tangazo, kwenye ufunguo wao wa vifupisho. Idara mbili zaweza kutumia neno moja kwa vipimo tofauti. Kwa desturi ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kasi ya upepo ni wastani wa dakika 10, na mpigo ni kilele cha sekunde chache tu. Kama ufunguo hautaji dakika wala sekunde, nawe usizitaje. Andika "kasi ya ghafla ya muda mfupi", inatosha.

4. Sasa fafanua, na hapa ndipo muhtasari mwingi unapoharibika. Tazama Hs. Nimeona mara nyingi watu wakiandika "mawimbi hayatazidi mita 2.5". Tangazo halikusema hivyo. Hs ni wastani wa kimo cha ile theluthi ya mawimbi yaliyo marefu zaidi. Wastani maana yake yapo yaliyo chini na yapo yaliyo juu yake, kwa hiyo ukiandika "hayatazidi" umemuahidi mtu wa mashua kitu ambacho mtabiri hakuahidi. Mwingine hukosea upande wa pili, akaandika "mawimbi ya kutisha, hatari kwa mashua ndogo". Huenda ni kweli, lakini kwenye mistari ile mitano neno hatari halimo.

Kipimo ninachotumia ni hiki: funika tangazo kwa mkono, usome ufafanuzi wako peke yake. Kama ungefaa kubandikwa kwenye tangazo lolote la bahari yoyote lenye neno hilo, huo ni ufafanuzi. Kama unaeleza bahari ya kesho ya Lamu, hiyo ni habari, na habari lazima uioneshe kwa kidole kwenye mstari wake. "Wastani wa theluthi ya mawimbi marefu zaidi" inafaa popote. "Mashua ndogo zisitoke" haifai popote, basi mstari wake uko wapi?

Upepo nao una mtego wake. SE ni kule unakotoka, kusini-mashariki, si kule unakokwenda. Ukiandika "upepo wa kuelekea kusini-mashariki" umeugeuza tanga zima.

5. Saa. UTC ni saa ya kimataifa, na 1500 UTC kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Angalieni sana maneno "usiku wa Jumanne". Kwa wazee wetu usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Jumanne unaanza magharibi ya Jumatatu. Kwa kijana aliyezoea kalenda ya simu ni usiku unaofuata mchana wa Jumanne. Baina yao kuna saa ishirini na nne, na tangazo lenyewe ni la saa ishirini na nne tu. Andika tarehe na saa, na ukitaka kutaja usiku, sema "Jumatatu usiku kuamkia Jumanne".

6. Uwezekano usiuache nje. Ukiuondoa, "huenda" imekuwa "itakuwa".

Muhtasari wenyewe:

*Bahari wazi, Lamu hadi Kiunga. Kuanzia Jumatatu tarehe 14 saa kumi na mbili jioni hadi Jumanne tarehe 15 saa kumi na mbili jioni. Upepo unatoka kusini-mashariki, noti 20 hadi 25 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, hizi ni kama kilomita 37 hadi 46 kwa saa), na mipigo, yaani kasi za ghafla za muda mfupi, ya noti 32 (kama kilomita 59). Kimo cha mawimbi Hs ni mita 2.0 hadi 2.5, Hs ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo marefu zaidi, hivyo yamo yanayopita hapo. Uwezekano wa haya ni asilimia 33 hadi 66.*

MASWALI

Kijana wa Mkomani: Maalim, kwa hivyo Jumanne tutoke au tusitoke?

Maalim: Nimeandika juu kabisa kwamba mfano nimeutunga. Rudi usome.

Binti Matondoni: Shikamoo Maalim. Nimesikia wimbi moja moja laweza kufika karibu mara mbili ya Hs. Hilo linafaa bahari yoyote, basi kwa kipimo chako laingia?

Maalim: Marahaba mwanangu, swali zuri. Ni kweli, mabaharia wanalijua hilo. Lakini tofautisha vitu viwili. "Yamo yanayopita hapo" limo ndani ya neno wastani lenyewe. "Mara mbili" ni elimu nyingine inayoletwa kutoka nje. Kama ufunguo wa watabiri umeitaja, iandike. Kama haimo, itume kwa ujumbe wa pili, useme ni maelezo yako. Kipimo changu basi kiongezee hili: ufafanuzi uishie pale neno linapoeleweka.

Nahodha wa Kizingitini: Sisi wenyeji twajua ndani ya Mkanda maji hutulia hata nje kukichafuka. Kuna ubaya gani kuongeza?

Maalim: Kaka, ujuzi wako siupingi. Lakini tangazo linasema bahari wazi, Mkanda halikuutaja. Ukiuchanganya humo, msomaji ataamini watabiri ndio waliosema. Andika chini, kwa jina lako.

Nahodha wa Kizingitini: Nimekuelewa. Je, kuandika "kusi" badala ya kusini-mashariki?

Maalim: Kusi kwetu ni upepo na ni msimu pia. Tangazo limetaja upande tu. Weka upande.

Mpiga Kasia: Refu mno. Noti ziondoe, weka kilomita tu.

Maalim: Haziondoki. Kilomita nimezikadiria, noti ndizo za tangazo. Na wenye GPS mashuani wengi husoma noti.

Bi Shela: Mimi huwasomea kwa sauti wasiosoma. Kuhusu UTC, njia yangu ni kutoa tatu: 15 toa 3 ni saa kumi na mbili, 06 toa 3 ni saa tatu asubuhi.

Maalim: Ahsante sana dada, ni sahihi. Jibu likizidi 12, toa 12: 21 toa 3 ni 18, toa 12 ni saa sita usiku. Na kama namba ni ndogo mno, anza kwa kuongeza 12: 00 inakuwa 12, toa 3, saa tisa usiku. Hapo tarehe ni ile ile ya tangazo, ila kuanzia 2100 UTC kwetu tarehe imeshageuka. Watajie na siku.