Kukagua mimweko ya mwanga kwenye video ya kwaya kabla ya kuisambaza

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana anayehariri video za kwaya moja ya Moshi. Mwalimu wa kwaya alimtaka ahakikishe kwamba wimbo wao mpya, wenye taa za vimulimuli na mimweko myeupe kila ngoma inapolia, hautamletea mtu kifafa utakaporushwa kwenye projekta. Miongoni mwa wenye kifafa, takriban asilimia 3 tu ndio wanaochochewa na mwanga, lakini wengi wao ni watoto na vijana, na baadhi yao hawajijui mpaka siku ya kwanza inapowatokea.

Hatua ya 1: Jilinde mwenyewe

Mwenye historia ya kifafa asiifanye kazi hii. Wengine wapunguze dirisha la video, wawashe taa ya chumba na wasogeze fremu moja moja badala ya kuicheza video. Ukihisi kizunguzungu, ziba jicho moja kwa kiganja kisha geuza uso. Kufumba macho yote hakutoshi, kwa sababu mwanga hupenya kope.

Hatua ya 2: Tafuta sehemu zenye mashaka

Kuna programu za kulipia zinazotumiwa na vituo vya televisheni, lakini mimi hupendelea `ffmpeg`, ambayo ni ya bure, haihitaji intaneti na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, andika:

```
ffmpeg -i wimbo.mp4 -vf photosensitivity=frames=25:bypass=1,metadata=print:file=ripoti.txt -an -f null -
```

Neno `bypass=1` huifanya ipime bila kubadilisha picha. Fungua `ripoti.txt` utafute mistari ya `lavfi.photosensitivity.badness` yenye namba inayozidi 1, kisha uandike muda wake ulioonyeshwa kwenye `pts_time`. Chujio hili la `photosensitivity` halifuati kanuni za WCAG, yaani mwongozo wa kimataifa wa kuwezesha watu wenye ulemavu kutumia tovuti, wala za utangazaji, na halihesabu mimweko. Linakuonyesha tu pa kuangalia, na ukimya wake si cheti.

Hatua ya 3: Hesabu mimweko kwa mkono

Hapa ndipo muda wote unapokwenda, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mmweko mmoja ni jozi: mwanga kupanda na kushuka, au kushuka na kupanda. Kanuni ya WCAG inaruhusu mimweko isiyozidi mitatu ndani ya sekunde moja yoyote. Neno "yoyote" lina uzito, kwa maana sekunde hiyo haianzi saa inapogonga, bali inaweza kuanzia fremu yoyote ile. Kwenye video ya fremu 25, chukua dirisha la fremu 25 na ulisogeze taratibu juu ya sehemu uliyoitilia shaka.

Wimbo wa kwaya ile ulikuwa na mapigo 125 kwa dakika, hivyo kila pigo lilichukua fremu 12 kamili. Mmweko mweupe katika kila pigo unaleta mimweko miwili hivi kwa sekunde, ambayo inakubalika. Kwenye kiitikio, hata hivyo, kijana alikuwa ameweka mmweko kila nusu ya pigo, yaani kila baada ya fremu 6, na hiyo ni zaidi ya mimweko minne kwa sekunde. Kabla ya kiitikio kulikuwa na mfululizo wa haraka wa ngoma wenye mmweko kila baada ya fremu 3, uliodumu pigo moja tu. Wengi huachia kipande kama hicho kwa sababu hakifiki hata nusu sekunde, lakini fremu 12 zilizogawanywa kwa 3 ni mimweko minne, na minne tayari imezidi.

Sasa linakuja swali gumu: mabadiliko makubwa kiasi gani ndiyo yanayohesabiwa kuwa mmweko? Kanuni inasema ni badiliko la mwangaza la asilimia 10 au zaidi ya mwangaza wa juu kabisa, ikiwa picha iliyo na giza zaidi iko chini ya asilimia 80. Mtu husoma namba za rangi za 0 hadi 255 na kudhani kwamba asilimia 10 ni hatua 25 mahali popote. Sivyo, kwa sababu namba hizo haziendi sambamba na mwangaza halisi. Kutoka weusi kabisa, lazima upande mpaka karibu 90 ndipo mmweko uhesabiwe. Lakini kutoka 180, kufika 197 kunatosha. Kwa hiyo taa inayowaka na kuzimika kwa udhaifu katika ukumbi wenye giza inaweza kupita, ilhali mtetemo mdogo kwenye majoho meupe yaliyopigwa na jua ukashindwa. Grafu ya Waveform kwenye DaVinci Resolve huonyesha kipimo cha 0 hadi 1023, hivyo zidisha namba hizo kwa 4.

Eneo nalo linahesabiwa. Mimi hutumia kipimo cha watangazaji, yaani robo ya skrini: taa ndogo inayomweka pembeni haihesabiwi, lakini taa kadhaa zinazowaka kwa pamoja hujumlishwa. Nyekundu iliyokolea ina kanuni yake na hukataliwa hata pale mwangaza unapobadilika kidogo. Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, katuni ya televisheni iliyopishanisha nyekundu na buluu kama mara 12 kwa sekunde iliwapeleka hospitali watoto zaidi ya 600.

Hatua ya 4: Kagua vipande vya simu

Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu inayorekodi fremu 30 kwa shata fupi huunasa mpepeso huo kama mawimbi 10 kwa sekunde, ambayo macho ya waliokuwa ukumbini hayakuyaona kabisa. Rekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50 na tatizo halitakuwepo.

Hatua ya 5: Rekebisha

Kwenye kiitikio tuliondoa mmweko mmoja katika kila miwili, na mfululizo wa ngoma tukauachia mmweko mmoja wa mwisho. Ikiwa mteja anang'ang'ania mimweko yote, punguza Opacity ya tabaka jeupe hadi 15: juu ya kijivu cha 140, asilimia 20 huvuka mpaka, ilhali 15 hubaki chini yake. Siupendi sana uamuzi huo, kwa kuwa mng'ao wa asilimia 15 unaonekana kama hitilafu ya kamera.

Ukimaliza, toa faili jipya na urudie Hatua ya 2 kwenye faili hilo lenyewe. Angalia pia mistari ya mabati au ngazi inayojaza skrini, kwani kanuni za utangazaji zinatahadharisha dhidi ya zaidi ya jozi tano za mistari ya mwanga na giza, nalo chujio la `ffmpeg` usilitegemee kwa hilo. Onyo la maandishi mwanzoni lisikufanye uache kurekebisha, kwa sababu kitakachosambaa ni kiitikio kilichokatwa kwa ajili ya statasi ya WhatsApp, na onyo litakuwa limebaki nyuma.