CAN au UREA? Kupima mavuno ya ploti za mahindi kwa jaribio la t

Msimu wa juzi mdogo wangu anayesoma diploma ya kilimo aliniletea daftari lake akiwa na furaha: mbolea ya CAN imeishinda UREA, na p iko chini ya 0.001. Nilipouliza ana ploti ngapi, akasema mbili. Ilibidi arudi shambani msimu uliofuata, na takwimu za hapa chini ni za msimu huo wa pili.

1. Ploti. Ploti 12 za mita 5 kwa 4, sita kwa kila mbolea ya kukuzia. Ipi ipate mbolea gani, piga kura kwa vikaratasi. Usilinganishe mfuko kwa mfuko, kwa kuwa UREA ina naitrojeni asilimia 46 na CAN yake ilikuwa na 26. Ili kila ploti ipate gramu 120 za naitrojeni, tulipima gramu 261 za UREA na gramu 462 za CAN.

2. Mizani. Vuna, pukuchua, pima uzito na unyevu. Rekebisha uzito wote uwe wa unyevu wa asilimia 13.5: zidisha kilo kwa (100 − unyevu), kisha gawa kwa 86.5. Kilo 8 zenye unyevu wa asilimia 20 zinabaki 7.4, kwa hiyo ukiruka hatua hii unaweza kujikuta unalinganisha maji.

3. Hesabu ploti, usihesabu mahindi. Hapa ndipo msimu mzima ulipotelea. Mara ya kwanza alikuwa na ploti moja kubwa ya CAN na moja ya UREA, akapima mahindi 30 kutoka kila moja, akaingiza namba 60. Kompyuta haijui kwamba mahindi 30 yamekula udongo mmoja. Shamba lina mteremko, na ploti ya CAN ilikuwa chini, ambako maji na udongo mzuri huishia. Tofauti aliyoiona ingeweza kuwa ya mbolea, ya mteremko, au ya vyote viwili, na hakuna hesabu inayoweza kuzitenganisha. Kukata ploti moja kubwa vipande sita baada ya kuweka mbolea hakusaidii, maana vipande vyote bado viko upande uleule wa shamba. Mbolea iligawiwa kwa ploti, basi sampuli ni ploti: namba moja kwa kila ploti, hata kama umepima mahindi mia.

Utajuaje kama umeteleza? Tazama `df` kwenye majibu ya jaribio. Haiwezi kuzidi idadi ya ploti ukitoa mbili. Kwa ploti 12, mwisho ni 10. Ukiona 58, umehesabu mahindi. Na kama tayari una ploti mbili tu, andika wastani wa kila moja na uishie hapo.

(Ukizipanga ploti jozi jozi kufuata mteremko, CAN na UREA bega kwa bega, hilo ni jaribio la jozi, si hili.)

4. Jaribio. Natumia programu ya R. Excel inaweza, `=T.TEST(A2:A7,B2:B7,2,3)`, lakini inakupa p peke yake, na p peke yake haimsaidii mkulima.

```r
CAN  <- c(7.2, 8.1, 6.9, 7.8, 7.4, 7.6)
UREA <- c(6.4, 7.3, 6.8, 7.7, 6.1, 7.1)
t.test(CAN, UREA)
```

Usiongeze `var.equal = TRUE`. Bila hiyo, R haidai kwamba mavuno ya mbolea zote mbili yametawanyika sawasawa, na hatukuwa na sababu ya kudai hivyo.

5. Majibu na maana yake. Kilo moja kwa ploti hii ni kama kilo 202 kwa ekari.

| Namba | Kwa maneno ya kawaida |
|---|---|
| Wastani 7.5 na 6.9 | CAN imezidi kwa kilo 0.6 kwa ploti, yaani kama kilo 121 kwa ekari |
| t = 2.01 | Tofauti hiyo ni mara mbili ya kiasi tunachoweza kukosea kwa kawaida katika kuikadiria |
| df = 9.1 | Haijapita 10, tumehesabu ploti |
| p = 0.074 | Kama mbolea hizi zingekuwa sawa, tofauti kubwa hivi au zaidi ingetokea kwa bahati kama mara 7 katika majaribio 100 |
| −0.07 hadi 1.27 | Kwa uhakika wa asilimia 95, kwa ekari CAN inaweza kuwa nyuma kwa kilo 15 au mbele kwa kilo 257 |

Mdogo wangu alitaka kuandika "hakuna tofauti" kwa sababu p imepita 0.05. Nikamkatalia. Mstari wa mwisho unaruhusu gunia mbili na nusu za kilo mia kwa ekari, na hiyo si "hakuna". Tuliandika hivi: "CAN ilionekana kuzidi, lakini ploti 12 hazikutosha kuthibitisha."

Zingetosha ngapi? Kwa mtawanyiko huuhuu, na nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua tofauti ya kilo 0.6:

```r
power.t.test(delta = 0.6, sd = 0.52, power = 0.8)
```

Jibu ni ploti 13 kwa kila mbolea. Sasa anatafuta shamba la kuzitosha 26.